Simu Inapokataa Kupiga Skrinishoti: Nani Kafunga?

Afisa mikopo mmoja yuko dukani kwa mteja wake Tandika, Dar es Salaam. Mteja, mama muuza vitenge, anataka kuona amebakiza marejesho mangapi. Afisa anafungua programu ya ofisi kwenye simu yake mwenyewe, jedwali linatokea, naye anabonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti ili apige skrinishoti amtumie mama kwa WhatsApp. Simu inakataa. Chini ya skrini yanapita maneno haya kisha yanapotea:

`Taking screenshots isn't allowed by the app or your organization`

Mfano huu umetungwa, lakini mwenye kazi inayofanyika kwa simu ataitambua hali yenyewe. Hatua zinazofuata nazo zinafahamika. Afisa atazima simu na kuiwasha. Atafuta picha akidhani nafasi imejaa. Mwisho ataipeleka kwa fundi, na fundi atasema, "Kaka, hii ni ya kuflashi tu." Akikubali, atapoteza picha za familia yake, na siku ofisi itakapomrudishia programu ile, katazo litarudi palepale. Simu haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa inatii amri.

Ujumbe ule wa Kiingereza unasema kwamba kupiga skrinishoti hakuruhusiwi na programu au na shirika lako. Hilo neno "au" ndilo linaloleta mkanganyiko wote, kwa sababu simu haikwambii ni nani kati ya hao wawili. Jawabu lake ni muhimu. Kama katazo limetoka ofisini, mtu wa TEHAMA anaweza kulilegeza kwa dakika chache. Kama limetoka kwa waliotengeneza programu, mtu huyo hana la kufanya hata ukimwandikia barua kumi.

Ofisi huingiaje ndani ya simu ya mtu? Tangu Android 5.0 ilipotoka mwaka 2014, simu za Android zinaweza kutenga sehemu inayoitwa wasifu wa kazini. Siku ya kuanza kazi, mwajiri anakupa msimbo wa kuskani au anakuelekeza kuweka programu fulani na kuingia kwa barua pepe ya ofisi. Unabonyeza kukubali mara tatu nne, na simu inagawanyika pande mbili. Programu za upande wa kazi zinakuwa na alama ndogo ya mkoba kwenye picha yake. Unaweza kuwa na Chrome mbili, moja yako na nyingine yenye mkoba, na hazijuani. Upande ule wa mkoba una msimamizi wake, na msimamizi huyo anaweza kuuwekea masharti: hakuna skrinishoti, hakuna kamera, faili zisitoke nje. Masharti hayo hayafiki upande wako binafsi, na picha zako na meseji zako hazioni.

Hali ni tofauti pale ambapo simu yenyewe ni mali ya ofisi. Hapo msimamizi anaweza kuishika simu nzima, na kamera ikizimwa imezimwa kila mahali. Kuna pia mpango wa katikati, simu ya ofisi iliyotengewa upande binafsi wa mfanyakazi. Kuanzia Android 11, ofisi inayomiliki simu ya aina hiyo inaweza kuzima kamera na skrinishoti hata kwenye upande huo binafsi, ingawa yaliyomo humo haiyaoni. Ndiyo maana swali la kwanza la kujiuliza ni hili: simu hii ni ya nani?

Ofisi nazo zina sababu ya kufunga. Jedwali la yule mama lina jina lake, namba ya simu, kiasi alichokopa na siku alizochelewesha. Likipigwa picha, nakala inakaa kwenye ghala la picha la afisa, inapakiwa mtandaoni na huduma ya kuhifadhi picha, na likitupwa kwenye kundi la WhatsApp halirudi tena. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Anayekusanya taarifa za wateja ndiye anayebeba wajibu wa kuzilinda, na kuzuia skrinishoti ni njia rahisi kuliko zote. Kosa ambalo ofisi hulifanya, na ni kosa la kweli, ni kuweka katazo bila kumwambia mfanyakazi, kisha kumwacha ahangaike na mafundi.

Turudi kwa afisa wetu. Ana njia ya kujua ukweli pale pale dukani bila kuomba msaada. Kwanza, afungue programu yake binafsi isiyo na siri yoyote, kikokotoo kwa mfano, apige skrinishoti. Ikikubali, simu ni nzima, vitufe ni vizima, nafasi ipo, na katazo halijafika upande wake. Pili, afungue Chrome yenye mkoba, aende kwenye ukurasa wa kawaida wa habari usiohusiana na ofisi, ajaribu tena. Jaribio hili la pili ndilo linaloamua. Ukurasa wa habari hauna sababu ya kujificha. Ukikataliwa na hapo, basi katazo limewekwa kwenye upande mzima wa kazi, na aliyeliweka ni msimamizi. Ukikubaliwa, na ni programu ya mikopo peke yake inayokataa, basi katazo liko ndani ya programu hiyo.

Mtengenezaji wa programu ya Android anaweza kuweka alama kwenye dirisha lake, jina lake `FLAG_SECURE`, inayoiambia simu kwamba kilichomo kisinakiliwe. Programu nyingi za benki huitumia, na Chrome yenyewe huitumia kwenye vichupo vya faragha. Anayetaka kuona katazo la namna hiyo kwa macho yake afungue kichupo cha faragha kwenye simu yake binafsi, ambayo haijawahi kuguswa na ofisi yoyote, kisha apige skrinishoti. Atakataliwa kwa maneno yaleyale, na shirika likitajwa, wakati hakuna shirika.

Lipo jingine la kulitazama. Ukifungua orodha ya programu zilizotumika karibuni, ile inayotokea kama kadi zilizopangwa, dirisha lililokatazwa huonekana tupu, jeupe au jeusi, badala ya kuonyesha picha ya kilichomo. Ukirekodi skrini, sehemu hiyo hutoka nyeusi. Hali ni hiyo hiyo kwenye mkutano wa mtandaoni: unaonyesha skrini yako, wenzako wanaona giza, nawe unalaumu bando. Katazo la msimamizi hufanya mambo hayo kama alama ya mtengenezaji inavyofanya, kwa hiyo giza linakuthibitishia kwamba limezuiwa kwa makusudi, lakini halikutajii aliyezuia. Kwa hilo unarudi kwenye jaribio la Chrome yenye mkoba.

Kwenye matoleo mapya ya Android, pale ofisi ilipofunga skrinishoti kwa simu nzima, ujumbe mara nyingi huwa wa wazi zaidi:

`Taking screenshots is blocked by your IT admin`

Hapo hakuna "au". Msimamizi wa TEHAMA ametajwa. Aliyeweka simu yake kwa Kiswahili atasoma maneno yenye maana hiyo.

Kuna pia tukio linalofanana na katazo lakini si katazo. Mtu anapiga skrinishoti ya programu ya kazi, simu inalia kama kawaida, kisha anaitafuta picha kwenye ghala lake haioni. Kuanzia Android 14, skrinishoti ya programu yenye mkoba huhifadhiwa upande wa kazi. Taarifa fupi hutokea kumwambia imehifadhiwa huko, lakini ni nani anayesoma taarifa ya nusu dakika? Picha ipo. Aitafute kwenye programu ya faili au ya picha yenye mkoba.

Kwenye kamera mambo yanachanganya zaidi, kwa kuwa kamera inaweza kuzimwa na mwenye simu mwenyewe bila kujua. Tangu Android 12, kwenye vile vitufe vya haraka vinavyoteremka kutoka juu ya skrini kuna kimoja cha `Camera access`. Mtoto akikigusa, kamera inazimwa kwa programu zote. Dalili yake ni kwamba simu yenyewe hukuuliza kama unataka kuifungulia kamera. Simu inayouliza hivyo haijafungwa na ofisi, kwa sababu kilichofungwa na ofisi hakikupi nafasi ya kukifungua. Sababu ya pili ya kawaida ni ruhusa: siku ya kwanza programu ilipoomba kutumia kamera, mtu alibonyeza kukataa. Hilo unalirekebisha kwenye Mipangilio, sehemu ya programu, kwenye ruhusa. Lakini ukifika hapo ukakuta chaguo limefifia haliguseki, na ukiligusa linatokea dirisha lenye kichwa hiki, umefika kwenye mlango wa ofisi:

`Blocked by your IT admin`

Afisa wetu anahitaji kupiga picha ya duka la mteja kila anapotembelea. Kamera yake binafsi inapiga vizuri, ila programu yenye mkoba inaonyesha weusi. Amepitia ruhusa, iko wazi. Amepitia kitufe cha haraka, kiko wazi. Kilichobaki ni kujaribu programu nyingine yenye mkoba inayotumia kamera, kama ya mikutano. Nayo ikikosa picha, kamera imezimwa kwa upande wote wa kazi. Ikipata, tatizo ni la programu ya mikopo, na hilo ni la watengenezaji.

Tukija kwenye kushirikishana faili, simu huonyesha mpaka wake waziwazi kuliko mahali pengine. Ukibonyeza kushiriki faili la kazi, orodha ya programu hutokea ikiwa na vichupo viwili, `Personal` na `Work`. Ukigusa cha binafsi, badala ya kuona WhatsApp unakuta maandishi kwamba maudhui haya hayawezi kushirikiwa na programu binafsi, na juu yake yale maneno ya msimamizi. Mara nyingi mpaka huu una upande mmoja: picha ya binafsi inaruhusiwa kuingia kazini, faili la kazi haliruhusiwi kutoka. Hata kunakili na kubandika kunaweza kuwekewa mpaka wa namna hiyo. Maneno uliyonakili kwenye barua pepe ya ofisi hayaji unapobandika kwenye WhatsApp, lakini uliyonakili WhatsApp yanakubali kuingia kwenye barua pepe. Ukiona kitu kinapita upande mmoja na kurudi kinakataa, usitafute hitilafu. Hitilafu haichagui upande.

Wako wanaoapa kwamba simu zao hazina wasifu wa kazini, hazina mkoba hata mmoja, na bado zinawakatalia. Huenda wanasema kweli. Ofisi zinazotumia huduma za Microsoft zinaweza kuweka masharti ndani ya programu moja moja, Outlook au Teams, kwa kufuata akaunti iliyoingizwa na si simu. Mtu anaweka Outlook kwenye simu yake, anaingia kwa barua pepe ya ofisi, na masharti yanashuka na akaunti. Kwenye Android ataombwa pia kuweka programu iitwayo Company Portal, na akiikuta kwenye simu yake basi ameshapata fununu. Ishara iliyo wazi zaidi hutokea anapobandika maneno ya barua pepe ya kazi mahali pengine. Badala ya maneno yake yanatokea haya:

`Your organization's data cannot be pasted here.`

Msimamizi akitaka, anaweza kuruhusu idadi ndogo ya herufi zipite, ili mtu aweze kunakili namba ya simu bila kunakili mkataba mzima. Kipimo cha aina hii ya katazo ni akaunti. Ndani ya Outlook hiyo hiyo, fungua barua pepe yako binafsi, nakili mstari, bandika nje. Ikikubali kwa ya binafsi na kukataa ya ofisi, masharti yamefuata akaunti ya kazi.

Kwa anayetaka kujua simu yake iko chini ya nani kabla haijamkatalia, Mipangilio ya Android ina kisanduku cha kutafutia. Andika `managed` au `work`. Kwenye simu inayosimamiwa yote utakuta ukurasa unaoeleza aina za taarifa ambazo shirika linaweza kuona na mabadiliko ambayo msimamizi amefanya. Ukurasa huo hautaji kila katazo, kwa hiyo usichukue ukimya wake kuwa ni ruhusa. Simu ya namna hiyo pia huandika kwenye skrini iliyofungwa, au chini ya vitufe vya haraka, kwamba ni mali ya shirika.

Kwenye iPhone mtu anaingia `Settings`, kisha `General`, kisha `VPN & Device Management`. Kama kuna ofisi nyuma yake, jina lake litakuwa hapo, na ukiingia ndani zaidi sehemu ya `Restrictions` huorodhesha yaliyokatazwa. Kamera ikikatazwa kwenye iPhone, picha ya programu ya Kamera hutoweka kabisa kwenye skrini. Wazazi waangalie hapa: udhibiti wa `Screen Time` unaweza kuiondoa Kamera vilevile, kwa hiyo kutoweka peke yake hakumtaji mwajiri.

Fundi mwenye kompyuta ana njia ya kuona mengi zaidi, ikiwa ofisi haijazuia utatuzi kwa waya wa USB, jambo ambalo nalo linaweza kukatazwa:

```
adb shell pm list users
adb shell dumpsys device_policy
```

Amri ya kwanza ikionyesha mtumiaji wa pili, mara nyingi mwenye namba 10, huenda wasifu wa kazini upo. Ya pili hutoa maandishi marefu, na cha kutafuta humo ni `Device Owner` au `Profile Owner`. Ya kwanza ikiwa na jina mbele yake, simu yote ina msimamizi. Ya pili, mara nyingi ni upande wa kazi tu. Amri hizi zinasoma, hazibadilishi kitu.

Fundi anayejua hili atamwokoa mteja wa aina nyingine kabisa, yule aliyenunua simu ya mtumba kutoka nje. Simu za kampuni huuzwa zikichakaa, na nyingine huuzwa kabla hazijaondolewa kwenye orodha ya kampuni. Mnunuzi anaifuta ili aanze upya, na simu inapojiunga na mtandao inajitambulisha kwa mwenye wake wa zamani na kudai kusajiliwa. iPhone huonyesha skrini ya `Remote Management`. Kuflashi hakusaidii hapo, kwani orodha iko kwenye seva, haiko ndani ya simu. Kwa hiyo ukinunua simu iliyotumika, usilipe kabla haijafutwa na kuwashwa upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti. Simu ikipita hatua za mwanzo bila kutaja shirika lolote, ndipo utoe hela.

Baada ya majaribio yake, afisa wetu amegundua kwamba kikokotoo kimekubali, Chrome yenye mkoba imekataa, na programu ya mikutano yenye mkoba haina kamera. Sasa anajua yote mawili yametoka ofisini, tena kwa upande wa kazi tu. Njia ya mkato anayoweza kushawishika nayo ni kupiga picha skrini kwa simu ya mwenzake. Hakuna sharti la simu linaloweza kulizuia hilo. Lakini taarifa za mama zitakuwa zimetoka nje kwa njia ambayo ofisi imeikataza waziwazi, na atakayejibu ni yeye. Njia nyingine, kufuta wasifu wa kazini, inawezekana kabisa kwenye simu yake binafsi, ila programu zote za ofisi na faili zake zitafutika nao.

Kinachomfaa ni kuandika kwa TEHAMA, na si kuandika "simu yangu ina tatizo". Aandike aina ya simu na toleo la Android, maneno ya ujumbe kama yalivyo, kwamba skrinishoti inakataa kwenye programu zote zenye mkoba na kukubali nje yake, na kwamba kamera imezimwa upande wa kazi ilhali taratibu za ofisi zinamtaka apige picha ya duka kwa programu ya mikopo. Msimamizi akisoma hayo ataona makatazo mawili yenye uzito tofauti. La skrinishoti lina sababu, na huenda likabaki. La kamera linagongana na kazi yenyewe, na mara nyingi huwa limeingia pamoja na kifurushi cha masharti bila mtu kuwafikiria maafisa wa uwanjani. Hilo linaweza kuondolewa. Badiliko haliji papo hapo, sharti simu iwe kwenye mtandao na iwasiliane na seva, kwa hiyo afisa afungue programu ya usimamizi, abonyeze kusawazisha, kisha ajaribu kamera tena. Na mama wa vitenge apewe jedwali lake la marejesho kwa njia ya ofisi, kwa meseji kutoka kwenye mfumo au kwa karatasi iliyochapishwa.